Barua pepe tatu na idhini iliyochelewa: kisa cha makontena ya vigae

Barua pepe zilikuwa tatu, zote zimetoka kwa afisa ugavi mmoja kwenda kwa mkuu wa fedha wa kampuni ile ile, kampuni ya Dar es Salaam inayoagiza vigae kutoka nje. Ya kwanza ilitumwa Jumanne tarehe 1 Julai 2025 asubuhi, kichwa chake "YAH: MAKONTENA". Ya pili ilitumwa Jumatano jioni: "Re: YAH: MAKONTENA". Ya tatu Ijumaa saa 3 asubuhi: "HARAKA SANA!!! TAFADHALI SOMA". Mkuu wa fedha alizifungua zote kwa mpigo Ijumaa hiyo saa 9 na dakika 20 alasiri, na hata hapo ni kwa sababu wakala wa forodha alimpigia simu. Benki yao ilikuwa imeshaacha kupokea maagizo ya TISS, mfumo wa kulipana kati ya benki na benki, kwa siku hiyo. Jumatatu iliyofuata ilikuwa Sabasaba.

Kilichokuwa kinaombwa ni idhini ya kumlipa wakala wa meli Sh 7,350,000. Aliyewahi kugomboa mzigo bandarini anajua mlolongo wake: wakala wa meli hatoi D.O., hati ya kuruhusu mzigo ukabidhiwe, mpaka aone tozo zake zimeingia, na bila D.O. kontena halitoki hata kama ushuru wa forodha umelipwa wote. Siku za bure za kuhifadhi mzigo zilikuwa zinaisha Ijumaa. Malipo yakafanyika Jumanne tarehe 8, D.O. ikatoka alasiri, makontena yakaondoka Jumatano. Makontena matatu ya futi 40, siku tano, dola 40 kwa kila moja kwa siku: dola 600 za kuhifadhi, ukiacha malori yaliyokuwa yameshapangiwa safari na fundi wa mteja aliyekaa bila vigae. Fedha hiyo haiwezi kuifilisi kampuni ya ukubwa ule. Lakini ni fedha iliyolipwa bure, na mkurugenzi alitaka kujua imekwendaje.

Niliombwa nikae na wale wawili tuangalie mawasiliano yalivyokwenda. Afisa ugavi alikuwa na hoja yake tayari: ameandika mara tatu, ushahidi upo. Mkuu wa fedha naye alikuwa na yake: hakuna barua iliyomwambia kuwa kuna tarehe. Jambo la kushangaza ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Tulianza na simu ya mkuu wa fedha, kwa sababu huko ndiko anakosomea barua nyingi. Wiki ile ya kwanza ya Julai alikuwa ndiyo kwanza amefunga mwaka wa fedha, wakaguzi wako chumba cha pili, na kompyuta yake ilikuwa imefunguliwa kwenye majedwali kutwa nzima. Barua alikuwa anazipitia kwenye simu akiwa kwenye korido, akisubiri lifti, akiwa kwenye foleni ya Sam Nujoma. Simu ile, ikiwa wima, inaonyesha jina la aliyeandika, kisha kichwa kwa kadiri ya herufi 40, kisha mstari mmoja wa mwanzo wa barua yenyewe kwa rangi hafifu. Basi. Uamuzi wa kufungua au kupita unafanyika hapo, kwa kidole.

Kwenye barua ya Jumanne, mstari ule hafifu ulisomeka hivi: "Habari za kazi? Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na maju..." Ukiunganisha na kichwa, mkuu wa fedha aliambiwa mambo mawili: kuna makontena, na anatakiwa heri. Ombi lenyewe lilikuwa aya ya nne, baada ya historia ya meli ilivyochelewa njiani na maelezo ya bei ya vigae ilivyopanda. Alipita. Ningepita na mimi.

Hapa inafaa kutazama hiyo "YAH". Kila aliyesoma shule huku kwetu amefundishwa barua ya kikazi: anwani mbili, kumbukumbu namba, tarehe, ndugu fulani, kisha YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Mtindo huo uliwekwa kwa ajili ya masjala. Karani akipokea barua alihitaji kujua iende jalada gani, na "MAKONTENA" au "MAOMBI YA LIKIZO" lilimtosheleza kabisa. Barua ilifika mezani kwa bosi ikiwa ndani ya jalada, pengine na karatasi ya maelekezo juu yake, na katibu muhtasi alikuwa ameshaipanga kwa uzito wake. Kichwa hakikuwa na kazi ya kumwita mtu. Katibu muhtasi ndiye aliyeita.

Kwenye barua pepe karani huyo hayupo, na bosi anajipangia mwenyewe. Hata waraka wa kiufundi unaoeleza muundo wa barua pepe, RFC 5322 wa mwaka 2008, unaielezea sehemu ya Subject kama maneno mafupi yanayotambulisha mada ya ujumbe, kwa hiyo anayeandika jina la mada hajavunja kanuni yoyote. Lakini mtu mwenye barua themanini asubuhi hapangi kwa mada. Anauliza: hii inataka nini kwangu, na mpaka lini? Kichwa kisichojibu maswali hayo mawili kinasubiri zamu yake, na kwa wiki kama ile zamu yake haifiki.

Barua ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, ingawa iliandikwa kwa nia njema. Afisa ugavi aliijibu barua yake mwenyewe, akaandika juu yake "Nakumbusha suala hili tafadhali". Programu ya barua ya mkuu wa fedha hukusanya majibu yote ya kichwa kimoja kwenye mkufu mmoja. Alichokiona ni mkufu ule ule wa MAKONTENA aliokwishaupita, sasa una namba 2 pembeni. Ukumbusho haukuongeza hata neno moja ambalo halikuwepo Jumanne. Anayekumbusha ana taarifa mpya daima, kwa sababu muda umepungua, na taarifa hiyo ndiyo inayopaswa kukaa kwenye kichwa. Jumatano jioni zilikuwa zimebaki saa chache tu za kazi kabla benki haijafunga dirisha la Alhamisi, na hakuna aliyeambiwa.

Tukafika kwenye ile ya Ijumaa. Afisa ugavi aliamini kwamba hii, hata kama nyingine zilikuwa dhaifu, ilipiga kelele ya kutosha. Mkuu wa fedha akacheka kidogo, akatuonyesha ujumbe wa mtu wao wa kompyuta wa wiki mbili nyuma, uliotumwa kwa idara nzima ya fedha: jihadharini na barua zinazosema haraka, zinazotaka malipo, zisizotaja malipo gani. Matapeli wa barua pepe hujifanya bosi au msambazaji, na kazi yao yote inategemea kumkimbiza mhasibu asipate muda wa kuhakiki. Kwa hiyo kichwa chenye alama tatu za mshangao kisicho na namba wala jina la mtu anayelipwa kilifanana sawasawa na kile alichoambiwa akiogope. Aliona jina la afisa ugavi, ndiyo, lakini majina huigizwa. Akasema moyoni atamuuliza wakionana. Wakaguzi wakamwita.

Na hata bila utapeli, neno "haraka" halina kipimo. Kwa mtu wa ghala haraka ni dakika kumi, kwa mtu wa mikataba ni wiki. Likitumika kila wiki linachakaa kama shilingi, na afisa ugavi alikiri kuwa kwenye kampuni ile kila idara inaandika HARAKA, hata mwaliko wa keki ya siku ya kuzaliwa. Tarehe haichakai. "Alhamisi 3 Julai" ina uzito ule ule mara ya kwanza na mara ya hamsini.

Nikamuuliza afisa ugavi kwa nini hakuweka tarehe tangu Jumanne, maana aliijua. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Nitampangiaje mkubwa siku?" Nadhani kisa chote kimelala kwenye jibu hilo. Dada huyu hakuwa mzembe. Alikuwa na adabu. Kumwandikia mtu mwenye umri wa baba yake "idhinisha kabla ya saa 6" aliona ni kumwamuru, ndiyo maana ombi likajificha aya ya nne likiwa limetanguliwa na salamu na historia, kama mgeni anayezungumzia mvua kabla hajasema shida iliyomleta. Uso kwa uso utaratibu huo ni mzuri, kwa sababu mwenyeji amekaa na anasubiri. Kwenye simu ya korido hakuna anayesubiri.

Adabu hiyo haina haja ya kutupwa. Kinachoumiza ni kitenzi cha amri. Jina la jambo haliumizi. "Idhinisha malipo" ni amri. "IDHINI: malipo" inasema kitu kile kile bila kumnyooshea mtu kidole. Na tarehe inapoa ikionyeshwa mwenye nayo: siyo mimi niliyekupangia saa 6, ni benki inayofunga saa 9. Hilo linasemwa kwenye mstari wa kwanza wa barua, na mkubwa hana sababu ya kuona amepangiwa na mdogo.

Basi tukakaa kukiandika upya kichwa cha Jumanne. Tulianza na tarehe, na hapo pakatokea jambo ambalo wote hawakulitegemea. Afisa ugavi alitaka kuandika "Ijumaa 4 Julai", kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ya siku za bure. Lakini hiyo ni tarehe ya hasara. Mkuu wa fedha anahitaji tarehe ya kitendo chake. Tukahesabu kurudi nyuma. Makontena yatoke Ijumaa, D.O. iwe mkononi Ijumaa asubuhi. Wakala wa meli aitoe mapema hivyo, fedha aione Alhamisi. Benki yao hupokea maagizo ya TISS mpaka saa 9 alasiri. Mhasibu anahitaji kuandaa agizo na kumpata mtia saini wa pili, ambaye mara nyingi yuko ghalani Pugu Road, kwa hiyo tukampa saa tatu. Idhini ilihitajika Alhamisi tarehe 3, saa 6 mchana. Hata kama Jumanne angeandika "kabla ya Ijumaa", na bosi akatii kwa uaminifu Ijumaa saa 4 asubuhi, D.O. ingetoka jioni kama ingetoka, na makontena yangelala.

Jaribio la kwanza lilikuwa hili:

"Ombi la idhini ya malipo ya Sh 7,350,000 kwa wakala wa meli kwa ajili ya makontena 3 ya vigae kabla ya Alhamisi 3 Julai saa 6 mchana"

Kila kitu kimo, na kwenye simu kikaonekana "Ombi la idhini ya malipo ya Sh 7,350,000". Tarehe imekatwa. Bosi anajua anaombwa nini, hajui kuwa kuna saa inayokwenda. Tukageuza mpangilio, yale yanayomfanya afungue yakae mwanzo na yale yanayomsaidia kuamua yafuate:

"IDHINI kabla ya Alhamisi 3 Julai, saa 6 mchana: tozo za meli, makontena 3, Sh 7,350,000"

Simu ile ikakikata baada ya "saa 6", na hiyo inatosha. Kwenye kompyuta kinaonekana chote. Mkuu wa fedha alitaka kiasi kitangulie, kwa kuwa yeye huamua kwa kuangalia kiasi, tukabishana kidogo. Mimi nilishikilia tarehe, kwa sababu kiasi atakiona akifungua, lakini tarehe isipoonekana hafungui. Kwa mkuu mwingine ambaye malipo yote chini ya milioni kumi huidhinisha papo hapo, pengine kiasi kingestahili kukaa mbele. Hilo linategemea anayesoma ni nani, na mwandishi anayemjua msomaji wake hahitaji kanuni ya mtu wa nje.

Tarehe yenyewe ina mitego miwili huku kwetu. Ukiandika "leo" au "kesho", kichwa kinaharibika usiku wa manane. Anayefungua Alhamisi barua ya Jumatano anasoma "kesho" na kuamini ana siku nzima. Na "saa 8" pekee, kwa msambazaji wa Guangzhou au kwa mhasibu anayesoma saa za Kizungu, ni saa 2 asubuhi yetu au saa 2 usiku. Ndani ya ofisi "saa 8 mchana" linaeleweka na kila mtu. Barua ikivuka mpaka, 14:00 na jina la mwezi kwa herufi. Afisa ugavi alikuwa amezoea kuandika 4/7, ambayo kwa Mmarekani ni tarehe 7 Aprili.

Baada ya kichwa tukarekebisha ule mstari hafifu, kwa sababu simu inausoma kama sehemu ya kichwa, upende usipende. Salamu ilibaki, ila ikafupishwa ikaingia na ombi lake:

"Shikamoo Mzee. Naomba idhini ya Sh 7,350,000 kwa wakala wa meli; benki inafunga TISS saa 9 Alhamisi na siku za bure bandarini zinaisha Ijumaa."

"Shikamoo Mzee" ni herufi kumi na tatu pamoja na nafasi. Heshima yote imo, na ombi linaonekana kabla simu haijakata. Chini yake akaweka ankara ya wakala, hesabu ya gharama kwa siku tukichelewa, na namba ya simu ya wakala ili mkuu wa fedha ahakiki mwenyewe. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Barua ya kweli inakurahisishia kuhakiki, na mkuu wa fedha aliyeonywa kuhusu matapeli hulegea akiona namba anayoitambua.

Kwa ukumbusho walikubaliana kuandika barua mpya yenye kichwa kipya. Programu kama Gmail huanza mkufu mwingine kichwa kikibadilika, kwa hiyo ukumbusho unatokea juu kama barua iliyojitegemea, mfano "IDHINI, zimebaki saa 3 (mwisho leo Alhamisi 3 Julai, saa 6 mchana): tozo za meli". Neno "leo" hapa linavumilika kwa kuwa siku imetajwa pembeni yake. Zikibaki chini ya saa hizo, barua pepe siyo chombo tena. Piga simu, kisha tuma barua kama kumbukumbu.

Mwezi uliofuata kampuni iliingiza makontena mengine mawili, na idhini ilirudi kwa neno moja, "Imeidhinishwa", imetumwa kutoka kwenye simu kabla ya saa 4 asubuhi. Siwezi kusema ni kichwa peke yake. Wakaguzi walikuwa wameshaondoka. Lakini pia lilitokea nililolihofia. Idara nyingine ziliona neno IDHINI linafunguliwa haraka, zikaanza kulipachika kwenye kila kitu, mpaka kwenye taarifa ya mwezi ya mafuta ya magari ambayo haiombi idhini yoyote. Mkuu wa fedha alichukua hatua ambayo mimi nisingeifikiria: kila barua ya IDHINI isiyo na ombi ndani aliijibu kwa swali, "Niidhinishe nini?" na kunakili kwa mkuu wa idara husika. Ndani ya wiki chache zikaanza kuja na neno TAARIFA mbele, na hizo huzisoma Ijumaa.

Kuna barua ambazo utaratibu huu hauzifai. Kichwa huonekana kwenye kioo cha simu iliyofungwa, mezani, mbele ya yeyote aliyeketi pembeni, na hata barua zilizofungwa kwa usimbaji wa S/MIME kwa kawaida huacha kichwa wazi. Tozo za meli hazina siri. Mshahara wa mtu, ugonjwa wake, shauri lake la nidhamu ni siri, na afisa utumishi wa kampuni ile alikuwa ameshaanza kuandika majina. Kwake tukaweka kitendo na tarehe tu: "SAINI kabla ya Jumatatu 18 Agosti: barua ya utumishi, maelezo ndani".

Lililobaki bila ufumbuzi mzuri ni wakala wa forodha. Yeye huandika kila kitu ndani ya mkufu mmoja wa "RE: RE: FW: DOCS" uliodumu tangu mwaka jana, shehena nne tofauti humo humo, na huwezi kumfundisha mtu wa nje ambaye ana wateja wengine chungu nzima. Afisa ugavi sasa anafanya hivi: barua ya wakala ikija, haisukumi mbele kama ilivyo. Anabonyeza kusambaza, anafuta kichwa chote kile, anaandika chake, anaweka mstari wake wa ombi juu, na kuacha maneno ya wakala chini kama ushahidi. Inamchukua kama dakika moja na nusu kwa barua, na anasema kinachomchosha zaidi ni kuhesabu saa kurudi nyuma, kwa sababu benki ilibadilisha muda wa kufunga dirisha lake mwezi Septemba bila kumwambia mtu yeyote wa ugavi.